Soksi za kubana: pima kifundo, achana na namba ya kiatu

Wifi yangu ni msusi. Sikukuu zikikaribia, anasimama nyuma ya kiti cha mteja tangu saa mbili asubuhi hadi usiku, na jioni miguu inakuwa imejaa mpaka mkanda wa ndara unaacha mfereji. Alipopata viza ya kwenda kumwona binti yake New Jersey, alinunua soksi za kubana. Akaamua kuzizoea kwanza kazini. Baada ya wiki moja akanipigia: "Wifi, hizi soksi nazo ni mapambo. Miguu inavimba vilevile, na hapa chini ya goti panauma."

Mimi ni muuguzi. Nilimuuliza muuzaji alimpimaje. Hakumpima. Alimuuliza anavaa kiatu namba ngapi, akajibu 41, akapewa L. Hapo nikajua tatizo liko wapi, na ndiyo sababu ya kuandika mwongozo huu.

Soksi inafanya kazi gani hasa

Damu inashuka miguuni bila shida. Kazi ni kuipandisha. Inarudi kupitia mishipa iitwayo vena, ambayo ndani yake ina vijilango vinavyofunguka kuelekea juu tu. Anayeisukuma ni msuli wa shavu la mguu: ukitembea unajikaza na kuikamua vena, damu inapanda, vijilango vinafunga nyuma yake.

Ukisimama pale pale, au ukikaa umekunja magoti kwenye kiti cha ndege, pampu hiyo inalala. Kwa mtu wa kimo cha kawaida aliyesimama bila kusogea, presha ndani ya vena za kifundo inafika kama 90 kwa kipimo kile kile cha presha tunachokijua hospitali, yaani milimita za zebaki, kinachoandikwa mmHg. Akianza kutembea inashuka chini ya 30. Presha ikibaki juu kwa saa nyingi, vena zinatanuka, vijilango havikutani vizuri, na maji ya damu yanachuja kutoka kwenye mishipa midogo na kujaa kwenye nyama. Ndio uvimbe wa jioni, ule ambao ukiubonyeza kwa kidole unabaki na shimo.

Soksi ya kubana inaikandamiza vena kutoka nje ili iwe nyembamba, damu ipite kwa kasi zaidi na maji yasichuje sana. Siri yake ni kwamba haibani sawasawa. Inabana zaidi kifundoni, halafu inalegea kidogo kidogo kadiri inavyopanda kuelekea goti. Mpangilio huo ukigeuka, juu kukabana kuliko chini, umejifunga kamba. Ndicho kilichompata wifi.

Tazama pia hesabu yenyewe: soksi ya mmHg 20 haiwezi kushindana na 90 peke yake. Inasaidia, lakini haichukui nafasi ya kutembea. Mlinzi anayevaa soksi nzuri halafu anasimama getini kama mlingoti atavimba kidogo, wakati mwenzake asiye na soksi anayezunguka uzio kila nusu saa huenda asivimbe kabisa.

Kwenye ndege kuna jambo la pili, damu kuganda ndani ya vena za mguu. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2007 kuwa hatari hiyo inaongezeka karibu mara mbili baada ya safari ya saa 4 au zaidi, lakini kwa mtu mwenye afya inabaki ndogo, kama mtu 1 kati ya 6,000. Mwaka 2016 wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, waliunganisha majaribio ya soksi kwa abiria wa safari ndefu. Kati ya abiria 2,637 waliofuatiliwa, 50 walikutwa na damu iliyoganda mguuni bila wao kuhisi chochote. 47 kati yao hawakuvaa soksi, 3 walivaa. Hakuna aliyepata donge lenye dalili katika kundi lolote. Kwa hiyo ushahidi ni mzuri, ila usimwambie mtu kwamba bila soksi atafia angani.

Hatua ya kwanza: hakikisha mguu wako unaruhusu

Hii watu wanaiacha mwisho, na wauzaji wengi hawaitaji kabisa. Soksi inabana vena, lakini pia inabana ateri, mishipa inayoleta damu kwenye mguu. Kama ateri zako tayari ni nyembamba, soksi inaweza kuukata mguu chakula.

Jiulize haya. Je, ukitembea umbali fulani shavu la mguu linauma mpaka usimame, na ukisimama dakika chache maumivu yanaisha? Je, usiku wayo unauma na unapata nafuu ukiuning'iniza nje ya kitanda? Je, mguu mmoja ni wa baridi kuliko mwingine, ngozi imekuwa laini inayong'aa, nywele zimepotea, au una kidonda kidoleni kisichopona? Jibu likiwa ndiyo hata kwa moja, usinunue soksi. Wavutaji sigara wa miaka mingi na wenye kisukari cha muda mrefu wawe makini zaidi.

Hospitali wana njia rahisi ya kujua. Wanapima presha ya juu mkononi, kisha wanapima kifundoni kwa kifaa cha kusikiliza mapigo, na kugawanya ya kifundo kwa ya mkono. Mkono ukiwa 140 na kifundo 140, jibu ni 1, ateri ziko sawa. Mkono ukiwa 140 na kifundo 70, jibu ni 0.5, mtu huyo havai soksi ya kubana hata kama miguu imevimba. Kwa mgonjwa wa kisukari, kipimo hiki kinaweza kudanganya kwa kuonyesha namba nzuri, kwa sababu ateri zilizokauka hazibanwi na mashine. Hivyo namba nzuri peke yake isikuondoe wasiwasi kama dalili zipo.

Kisukari kina mtego mwingine, ganzi. Soksi ikijikunja, mtu mwenye hisia ataivuta inyooke. Mwenye ganzi atakaa nayo siku nzima, na jioni atavua akute malengelenge au kidonda. Funga macho, mtu akuguse vidole vya miguu taratibu kwa ncha ya kidole chake, kimoja kimoja, wewe useme ameguswa kipi. Ukikosea, soksi hizi zisubiri mpaka daktari akuangalie.

Mwenye moyo uliochoka asijinunulie. Ukivimba miguu yote miwili na pia unakosa pumzi ukilala chali, unaongeza mito, au unaamka usiku ukitafuta dirisha, maji hayo si ya kusimama. Soksi inayasukuma yarudi kwenye moyo ambao tayari umeelemewa. Vilevile uso unaovimba asubuhi unaelekeza kwenye figo, si kwenye kazi ya kusimama.

Halafu kuna jambo ambalo nakutana nalo karibu kila kliniki: dawa ya presha iitwayo amlodipini. Inavimbisha vifundo vya watu wengi wanaoitumia. Mama anakuja amenunua soksi, ukiangalia kadi yake unakuta uvimbe ulianza baada ya dozi kuongezwa. Huyo anahitaji daktari apange upya dawa. Usiiache mwenyewe.

Wa pwani wakumbuke matende. Mguu uliovimba kwa matende unatibiwa kwa usafi wa ngozi, mazoezi, kuinua mguu, na bandeji zinazofungwa na mtu aliyefundishwa. Soksi ya dukani haikutengenezwa kwa umbo hilo. Mwenye selimundu naye aulize kwanza, kwa sababu damu yake inaganda kirahisi na ngozi ya vifundo vyake inapata vidonda visivyopona haraka. Ngozi yenye fangasi kati ya vidole, upele unaotoa maji au kidonda kibichi ipone kwanza.

Wajawazito wanaruhusiwa na wengi wanapata nafuu, ila uvimbe wa ghafla wa uso na mikono pamoja na kichwa kuuma au macho kuona ukungu ni safari ya kliniki siku hiyo hiyo.

Na mguu mmoja tu ukivimba, ukauma na kuwa wa moto, usiuvalishe chochote. Kwa ngozi yetu usisubiri wekundu; angalia kama ngozi imetanuka na kung'aa, linganisha joto kwa mgongo wa mkono. Nenda hospitali.

Hatua ya pili: soma namba, puuza maneno

Kwenye boksi tafuta mmHg. Kwa kusimama kazini na kwa safari, mtu mwenye afya anatosheka na 15–20. Zile za 20–30 ni kwa wenye vena zilizojisokota au waliowahi kupata donge, na ni vizuri zichaguliwe na mtaalamu. Zaidi ya hapo ni matibabu.

Neno "daraja la kwanza" lisikupumbaze. Kwa vipimo vya Uingereza daraja la kwanza ni mmHg 14–17, kwa vya Ujerumani ni 18–21. Boksi lisilo na namba yoyote, lenye neno "zabana sana" na picha ya mwanariadha, lirudishe rafuni. Zile nyeupe za hospitali zenye tundu karibu na vidole nazo siyo hizi. Zimetengenezwa kwa mgonjwa aliyelala kitandani, hazimtoshi aliyesimama.

Za mtumba ninazikataa kabisa. Mpira wake umeshachoka na huwezi kuuona kwa macho, na soksi iliyolegea kifundoni lakini bado ina lasitiki juu ndiyo mbaya kuliko zote.

Hatua ya tatu: pima

Tumia futi ya fundi cherehani. Pima asubuhi mara tu ukishuka kitandani, kabla miguu haijajaa. Ukipima jioni unapima uvimbe, na kesho asubuhi soksi itakuwa kubwa. Kaa kwenye kiti, wayo wote sakafuni, goti limekunjwa kama kona ya meza.

Kwanza zungusha futi kwenye sehemu nyembamba kabisa ya mguu, juu kidogo ya yale mafupa mawili ya kifundo. Futi iguse ngozi isiizamie. Kisha zungusha kwenye sehemu nene kabisa ya shavu la mguu. Mwisho pima urefu kutoka sakafuni kwenye kisigino hadi nyuma ya goti pale linapojikunja. Pima miguu yote miwili. Tofauti ya sentimita moja ni kawaida, tofauti ya sentimita tatu kwenye shavu inataka daktari.

Wifi yangu alipata kifundo sentimita 21.5, shavu 38, urefu 39. Jedwali la kampuni aliyonunua lilisema M ni kifundo 20–23 na shavu 33–39. L ni kifundo 23–26 na shavu 36–42. Tazama vizuri. Shavu lake la 38 linaingia M na linaingia L. Kinachoamua ni kifundo, na kifundo chake ni M bila ubishi. Kwa L alizopewa, soksi ilimpwaya kifundoni mahali inapotakiwa kubana zaidi, na kushika kawaida shavuni. Mpangilio ukageuka. Tena zilikuwa ndefu, akawa anakunja ile ziada chini ya goti, na kila mkunjo unaongeza mbano juu ya mbano. Ndiyo maana pale palimuuma.

Kiatu namba 41 kinakuambia urefu wa wayo wake tu. Mtu mrefu mwembamba mwenye wayo mkubwa na mtu mfupi mnene wanaweza kuvaa kiatu kimoja, wakatofautiana kifundo kwa sentimita tano.

Kila kampuni ina jedwali lake, kwa hiyo M ya hapa si M ya pale. Kifundo kikiingia na shavu likizidi, usipande saizi. Tafuta aina yenye shavu pana. Na chagua inayoishia vidole viwili chini ya kona ya goti. Zinazopanda hadi pajani hazikuongezei kitu kwenye kazi hii, na zinateremka.

Hatua ya nne: vaa bila kupigana nayo

Vaa asubuhi, miguu ikiwa mikavu. Mafuta ya kupaka yaache usiku, yanachosha mpira na yanafanya soksi ikatae kupanda. Ingiza mkono ndani, shika kisigino cha soksi, igeuze ndani nje mpaka kisigino. Ingiza vidole na wayo, weka kisigino mahali pake hasa, kisha pandisha sehemu iliyobaki kidogo kidogo kwa viganja. Usivute ukingo wa juu kama unavaa suruali. Glavu za mpira za kuoshea vyombo zinasaidia sana, zinashika kitambaa na kuzuia kucha kutoboa. Ukimaliza pitisha kiganja: pasiwe na mkunjo kifundoni, wala ukingo wa juu usikunjwe.

Subiri dakika kumi na tano. Unatakiwa uhisi umeshikwa, usihisi umefungwa. Bonyeza ukucha wa kidole gumba cha mguu mpaka upauke, achia. Rangi irudi ndani ya sekunde mbili au tatu. Ganzi, vidole kupoa, kubadilika rangi au maumivu maana yake ni kuvua, si kuvumilia. Jioni ukivua, tazama alama: mistari myepesi ya kitambaa mguu mzima ni sawa, lakini mfereji mmoja mzito chini ya goti na kifundo kisicho na alama ni saizi mbaya.

Usilale nazo nyumbani. Ukilala miguu iko sawa na moyo, kazi ya soksi imeisha.

Kazini na safarini

Kazini vaa kabla ya kutoka nyumbani. Mpishi, keshia, mwalimu, mlinzi, wote wanaweza kuinua visigino na kuvishusha mara ishirini kila nusu saa bila kuacha wanachofanya. Wifi anafanya hivyo akisuka, wateja wanadhani anacheza muziki wa redio.

Safari yake ilikuwa Dar hadi Nairobi, kisha ndege ya moja kwa moja hadi New York, kama saa 15. Alivaa soksi za M nyumbani saa mbili au tatu kabla ya ndege ya kwanza, na hakuzivua mpaka alipofika kwa binti yake na kutembea tembea. Ndani ya ndege unaweza kulala nazo, kwa sababu miguu imening'inia. Aliomba kiti cha njiani, akaacha mkoba juu badala ya chini ya miguu, na kila alipokuwa macho alisimama baada ya saa moja au mbili. Vidonge vya usingizi alivikataa. Anayelala kwa muda wa saa tisa amejikunja hasogei hata kidole.

Aliyewahi kuganda damu, anayetibiwa saratani, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, au mjamzito mwenye historia ya donge, soksi peke yake zinaweza zisimtoshe. Amwone daktari wiki kadhaa kabla, huenda akahitaji sindano ya kuzuia kuganda. Aspirini ya kujinunulia siyo mbadala wa hilo.

Donge linaweza kujitokeza hata wiki kadhaa baada ya kufika. Ukipata shavu moja linalouma na kuvimba, mwambie daktari kwamba ulisafiri. Kukosa pumzi ghafla, kifua kinachochoma ukivuta hewa, kukohoa damu au kuzimia, hiyo ni dharura.

Kuzitunza

Nunua jozi mbili, moja ivaliwe moja ikauke. Fua kila siku kwa mkono, maji ya uvuguvugu na sabuni laini, bila jiki. Usikamue kwa kusokota. Zifunge kwenye taulo, kanda, kisha anika kivulini, kwa sababu jua la mchana linaua mpira haraka. Zikianza kupanda bila kukusumbua, usifurahi. Zimelegea. Kwa mtu anayezivaa kila siku hilo hutokea kati ya miezi mitatu na sita, na kabla ya kununua nyingine pima tena. Wifi aliporudi alikuwa ameongezeka kilo sita za vyakula vya binti yake, na kifundo kimefika 23.5.